Warsha za mtandaoni: Nani aingie chumba kipi, na kwa nini lugha huamua atakayenyamaza

Mtu anaweza kuhudhuria warsha ya saa tatu kwa njia ya mtandao, jina lake likaonekana kwenye orodha tangu mwanzo hadi mwisho, na asiseme neno hata moja. Si kwamba hana la kusema. Aliingizwa katika chumba kidogo chenye watu sita, watano kati yao wakawa wanazungumza kwa kasi lugha ambayo yeye huisoma vizuri lakini huizungumza kwa kusitasita. Alipokuwa amepata maneno yake, dakika ishirini zilikuwa zimekwisha na chumba kikafungwa.

Jambo hili huwapata wengi mjini Kampala, ambako mikutano ya mtandaoni ilizoeleka tangu shule na vyuo vilipofungwa mwezi Machi 2020. Katika jiji hili mshiriki mmoja huweza kuzungumza Kiganda sokoni, Kiingereza ofisini, Kiswahili na jirani aliyetoka Kongo, na Kiacholi akipiga simu nyumbani. Mratibu wa warsha huona jina na picha tu, na asipouliza hawezi kujua ni lugha ipi kati ya hizo itakayomwezesha mtu huyo kufanya kazi aliyoitiwa.

Programu za mikutano kama Zoom humruhusu mratibu kuugawa mkutano mkubwa katika vyumba vidogo, kisha kuwarejesha wote pamoja. Kubonyeza kitufe ni kazi ya sekunde chache. Kazi ngumu ni kuamua nani aingie wapi. Vigezo vinavyotumika zaidi ni vitatu: mada anayoipenda mshiriki, lugha anayoitumia, na kiwango chake cha ujuzi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua kati ya vigezo hivyo, kwa kufuata mfano mmoja wa warsha ya watu 36 kuanzia fomu ya kujiandikisha hadi vyumba vinapofunguliwa.

Bahati nasibu humwacha nani peke yake?

Tuchukue warsha ya wafasiri na waandishi wa redio wanaotafsiri habari za afya. Kazi hii si ndogo nchini Uganda. Ebola ilipotangazwa Septemba 2022, ikianzia wilaya ya Mubende, na ilipotangazwa tena Januari 2025, safari hii Kampala kwenyewe, taarifa za serikali zilitoka kwanza kwa Kiingereza. Msikilizaji wa redio alizipata kwa lugha yake baada ya mfasiri kuamua, mara nyingi kwa haraka, aseme vipi tofauti kati ya mgonjwa anayeshukiwa na mgonjwa aliyethibitishwa. Neno likikosewa, familia inaweza kumkimbia mtu asiye mgonjwa, au kumzika kwa mikono mitupu aliyekuwa mgonjwa.

Washiriki 36 wamejiandikisha. Wanane kati yao watafanya kazi vizuri zaidi kwa Kiswahili, na watatu kwa Kiacholi au Kilango. Mratibu ana njia ya mkato: programu ya Zoom ina chaguo liitwalo `Assign automatically`, ambalo huwatawanya watu katika vyumba kwa idadi iliyo sawa bila kujua lolote kuwahusu. Akiomba vyumba sita, atapata watu sita katika kila chumba, na mgawanyo utaonekana wa haki.

Lakini tuhesabu. Kwa mgawanyo huo wa bahati nasibu, kila mmoja wa wale wanane wa Kiswahili ana uwezekano wa takriban tatu katika kumi wa kujikuta chumbani bila mwenzake yeyote wa lugha hiyo. Kwa kila mmoja wa wale watatu wa Kiacholi na Kilango, uwezekano huo unafika karibu robo tatu. Maana yake ni kwamba bahati nasibu haiwasumbui walio wengi, kwa kuwa kila chumba kitakuwa na mtu wao. Mzigo wote unawaangukia walio wachache, nao ndio ambao warsha ya tafsiri ingepaswa kuwahudumia kwanza.

Anza na kazi, ndipo uchague kigezo

Waratibu wengi huanza kwa kujiuliza: tuwagawe kwa mada, kwa lugha au kwa ujuzi? Swali linalotangulia hilo ni jingine: wakiwa chumbani watafanya nini, na watatoka na kitu gani mkononi?

Ikiwa kazi ni kubadilishana uzoefu, kwa mfano kueleza matatizo waliyokutana nayo wakitafsiri habari za chanjo, wagawe kwa mada. Watu wanaojali jambo moja huanza kuzungumza mapema, na hata kama lugha yao inatofautiana kidogo, kuna kisa cha kusimulia.

Ikiwa kazi ni kutoa maandishi, kwa mfano kutafsiri aya tatu za taarifa ya wizara ya afya, wagawe kwa lugha. Hapa hakuna njia nyingine. Watu sita wanaotafsiri kwenda lugha nne tofauti hawafanyi kazi ya kikundi, bali wanafanya kazi nne chini ya paa moja.

Ikiwa kazi ni kufuata hatua za chombo fulani, kwa mfano kutengeneza jedwali la istilahi kwenye kompyuta na kulichuja, wagawe kwa kiwango cha ujuzi. Aliyewahi kulitumia jedwali kama hilo kila siku atachoka kusubiri, na asiyewahi kulifungua ataachwa nyuma katika hatua ya pili na kuona aibu kusema.

Kosa linalojirudia ni kutaka kutumia vigezo vyote kwa wakati mmoja. Mada tatu, lugha tatu na viwango vitatu vya ujuzi hutoa mafungu 27. Kwa washiriki 36, kila fungu lina wastani wa mtu mmoja na theluthi. Mengine yatakuwa matupu. Kwa hiyo kipindi kimoja cha vyumba kitumie kigezo kimoja, na kigezo kibadilike kazi inapobadilika. Warsha ya saa tatu hubeba vipindi viwili vya vyumba bila kuwachosha watu.

Katika mfano wetu, kipindi cha kwanza ni dakika 25 za mada: milipuko ya magonjwa, malaria, na afya ya uzazi. Kipindi cha pili ni dakika 40 za lugha, kila chumba kikitafsiri taarifa ileile.

Swali la lugha na uzito wake

Fomu nyingi za kujiandikisha huuliza: "Unazungumza lugha gani?" Mkazi wa Kampala atajaza lugha tatu au nne, na mratibu hatakuwa amejua kitu. Swali la "lugha yako ya mama" halisaidii zaidi, kwani wapo waliozaliwa katika lugha moja, wakasomeshwa kwa nyingine na wanafanya kazi kwa ya tatu.

Tena swali la lugha lina historia nchini Uganda. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin uliitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa miaka mingi wananchi wengi wakaihusisha na askari waliokuwa wakiwaamrisha. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili, itumike katika mazingira ambayo Bunge litayaainisha kisheria, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha utekelezaji wa agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kuifanya lugha rasmi. Hivyo mtu anaweza kuijua na asipende kuiandika kwenye fomu, na mwingine akaiandika kwa kuona kwamba ndiyo inayotarajiwa, ilhali anajua salamu tu.

Njia inayofanya kazi ni kuuliza tendo badala ya utambulisho. Maswali mawili yanatosha:

La kwanza: "Ukiombwa kueleza kazi yako kwa dakika tatu bila kutafuta maneno, ungetumia lugha gani?" Chagua moja tu.

La pili: "Ikiwa hakutakuwa na kikundi cha lugha hiyo, ni lugha gani nyingine unayoweza kujadiliana nayo?" Chagua moja.

Jibu la pili ndilo linalomwokoa mratibu. Tuangalie majibu ya washiriki wetu 36 kwa swali la kwanza: Kiganda 13, Kiingereza 11, Kiswahili 7, Kiacholi 2, Kilango 1, Kinyankole 1, Kifaransa 1.

Watatu wa Kiacholi na Kilango wanaweza kuketi pamoja, kwa kuwa lugha hizo mbili ni za jamii ya Kiluo na wazungumzaji wake huelewana kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo waulizwe kwanza, maana kuelewana katika mazungumzo si sawa na kukubaliana juu ya tafsiri moja. Huenda wakatoa matini mbili badala ya moja. Mzungumzaji wa Kinyankole yuko peke yake, na jibu lake la pili ni Kiingereza, kwa hiyo anahamia huko. Aliyeandika Kifaransa ni mwandishi kutoka mashariki ya Kongo anayeishi Kampala, na jibu lake la pili ni Kiswahili. Anaingia kwenye Kiswahili.

Sasa tuna Kiganda 13, Kiingereza 12, Kiswahili 8, na Kiacholi pamoja na Kilango 3. Chumba kinachotoa maandishi hufanya kazi vyema kikiwa na watu wanne hadi saba. Kikizidi hapo, wawili watatafsiri na waliobaki watatazama. Kwa hiyo Kiganda kinapata vyumba viwili, Kiingereza viwili, Kiswahili viwili, na Kiluo kimoja. Jumla ni vyumba saba.

Vyumba vya Kiingereza vina kazi yao pia, kwani hakuna haja ya kutafsiri Kiingereza kwenda Kiingereza. Vinapewa taarifa ileile na kuombwa kuiandika upya kwa lugha nyepesi, sentensi fupi, bila istilahi za kitabibu. Matini hiyo nyepesi ndiyo mfasiri wa lugha yoyote angetamani aipokee.

Wale wanane wa Kiswahili wagawanywe vipi? Hapa kigezo ni msikilizaji. Watatu kati yao huandika kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo waishio Kampala na makambini, na wengine watano huandika habari za Afrika Mashariki kwa jumla. Kiswahili cha Bukavu au Goma kina msamiati wake, wenye maneno ya Kifaransa mahali ambapo Kiswahili cha Dar es Salaam kina ya Kiingereza. Vikichanganywa katika chumba kimoja, dakika 40 zitaishia katika kubishana neno lipi ndilo Kiswahili. Anahamishwa mmoja ili vyumba viwe vya wanne wanne, na kila kimoja kinaandikiwa juu kabisa: matini hii itasomwa kwa nani.

Kipindi cha mada kina mtego wake

Katika kipindi cha mada, 19 wamechagua milipuko ya magonjwa, 9 malaria, na 8 afya ya uzazi. Si lazima kuwalazimisha watu wahame ili idadi zilingane. Milipuko inapata vyumba vitatu, malaria viwili, uzazi viwili. Ni vyumba saba vilevile, jambo linalorahisisha kazi ya mratibu, kwa kuwa hatahitaji kuongeza wala kufuta vyumba katikati ya warsha.

Mtego ni kwamba mjadala wa mada utaendeshwa kwa lugha ambayo wengi chumbani wanaielewa, na Kampala hiyo mara nyingi itakuwa Kiingereza au Kiganda. Mwandishi yule wa Kongo, anayejua Kifaransa na Kiswahili, amechagua milipuko. Akiingizwa katika chumba cha milipuko ambacho hakuna mwingine wa Kiswahili, tumerudi pale pale tulipoanzia.

Kwa sababu hiyo kanuni ya kipindi cha mada ni moja: mada ndiyo inayogawa, lakini asiwepo mtu aliye peke yake katika lugha anayoiweza. Ikiwa watu wanne wa Kiswahili wamechagua milipuko, wasitawanywe katika vyumba vitatu kwa nia ya kuleta mchanganyiko. Wawekwe wawili wawili katika vyumba viwili, au wote wanne katika kimoja. Mwenzake mmoja anatosha kumnong'oneza maana, kumsaidia neno, na kumwambia mwenye kuongoza, "Ngoja, ana jambo."

Kiwango cha ujuzi: usiulize mtu yeye ni hodari kiasi gani

Fomu ikiuliza, "Kiwango chako ni cha mwanzo, cha kati au cha juu?", wengi watachagua cha kati. Waliobobea hujishusha kwa adabu, na wasiojua mengi hawana kipimo cha kuona wasichokijua. Wanasaikolojia David Dunning na Justin Kruger waliandika juu ya jambo hilo mwaka 1999: wenye ujuzi mdogo katika kazi fulani huelekea kujikadiria kupita kiasi, kwa kuwa ujuzi uleule unaohitajika kufanya kazi vizuri ndio unaohitajika kuipima.

Badala yake uliza mambo yaliyotendeka. "Mara ya mwisho ulitafsiri taarifa ya afya lini: wiki hii, mwaka huu, au bado?" "Umewahi kuandaa orodha ya istilahi iliyotumiwa na mtu mwingine?" Ukiwa na nafasi, weka sentensi moja ya taarifa na umwombe mshiriki aitafsiri kwenye fomu. Mstari mmoja huo hueleza mengi kuliko kisanduku cha kuweka alama.

Katika warsha yetu, ujuzi haukutumika kugawa vyumba, kwa kuwa hakuna kipindi cha kufuata hatua za chombo. Ulitumika kuchagua viongozi wa vyumba. Mratibu na wasaidizi wake wawili hawawezi kuwa katika vyumba saba kwa wakati mmoja, na hawajui Kiacholi. Kwa hiyo katika kila chumba anatafutwa mshiriki mmoja ambaye majibu yake yanaonyesha kuwa ameifanya kazi hii karibuni. Anaandikiwa siku mbili kabla, anaombwa kuongoza, na anatumiwa taarifa itakayotafsiriwa ili asiione kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake.

Pale ambapo mgawanyo kwa ujuzi unahitajika kweli, angalia majina ya vyumba. Hakuna mhariri wa miaka kumi atakayefurahi kuona jina lake chini ya chumba kiitwacho "Wanaoanza", na kijana aliyemo humo ataamini kwamba hapaswi kuuliza maswali makubwa. Kipe chumba jina la kazi yake: "Kutengeneza jedwali tangu mwanzo" na "Kuchuja na kushirikisha jedwali". Kila mtu atajua mahali pake bila kutajiwa cheo.

Orodha iliyopangwa vizuri na bado haikufanya kazi

Programu ya Zoom humruhusu mratibu kupanga vyumba kabla ya siku ya mkutano kwa kupakia faili lenye safu mbili, jina la chumba na anwani ya barua pepe ya mshiriki. Faili huonekana hivi:

```
Pre-assign Room Name,Email Address
Kiganda 1,mshiriki01@example.org
Kiganda 1,mshiriki02@example.org
Kiswahili A,mshiriki21@example.org
Kiluo,mshiriki34@example.org
```

Mstari wa kwanza huachwa kama ulivyo, kwa sababu ndio unaoiambia programu safu ipi ni ipi. Jina la chumba liandikwe kwa herufi zilezile kila mara, kwani "Kiganda 1" na "Kiganda1" vitakuwa vyumba viwili.

Tatizo hujitokeza siku yenyewe. Programu humtambua mshiriki kwa akaunti aliyoingia nayo. Ikiwa alijiandikisha kwa barua pepe ya ofisi na akaingia kwa akaunti yake binafsi, au akabonyeza kiungo alichotumiwa kwenye WhatsApp na kuingia kama mgeni bila akaunti yoyote, programu haina namna ya kujua kuwa ndiye yule aliyeorodheshwa. Hapangiwi chumba. Mjini Kampala, ambako wengi huingia mkutanoni kwa simu na kwa kiungo walichotumiwa, hali hii inaweza kuigusa nusu ya orodha.

Dalili yake iko wazi kwa anayejua kuitafuta. Kabla ya kufungua vyumba, mratibu hufungua dirisha la vyumba na kulinganisha jumla ya watu waliomo na idadi ya waliohudhuria. Pengo kati ya namba hizo mbili ni watu watakaobaki ukumbini peke yao vyumba vitakapofunguliwa, wakitazama skrini iliyonyamaza na kudhani mtandao umekatika.

Dawa ni ya kizamani, na ni namba. Katika ujumbe wa kuwakumbusha, kila mshiriki huambiwa namba ya chumba chake na kuombwa aiweke mbele ya jina lake anapoingia: "5 Amina", "2 Okello". Asiyejua kubadili jina husaidiwa mwanzoni, wakati watu wanasalimiana. Baada ya hapo mratibu hata kama orodha yote ya faili imeshindwa, anamweka kila mtu chumbani kwa mkono kwa kuangalia namba, na watu 30 hupangwa kwa dakika chache.

Lipo pia chaguo la kumwacha mshiriki ajichagulie chumba mwenyewe, liitwalo `Let participants choose room`. Linafaa kwa kipindi cha mada, kwa sababu mtu anajua anachokipenda. Halifai kwa ujuzi, kwa sababu watu humfuata rafiki. Na hata katika mada lina kasoro mbili: aliyeingia kwa simu yenye programu ya zamani anaweza asione kitufe hicho, na chumba kinachoanza kujaa huendelea kujaa huku kingine kikibaki na mtu mmoja anayesubiri.

Siku ya warsha

Turudi kwenye mfano. Kati ya 36 waliojiandikisha, wanaingia 29: Kiganda 11, Kiingereza 9, Kiswahili 7, na Kiluo 2. Zaidi ya hao wanaingia wanne waliotumiwa kiungo na wenzao bila kujaza fomu. Idadi ya waliopo ni 33, na orodha iliyopangwa kwa siku tatu tayari imebadilika. Hili si jambo la dharura. Ndivyo warsha zilivyo, na mpango unapaswa kulitarajia.

Kwanza, anayepanga vyumba asiwe ndiye anayezungumza. Msemaji wa kwanza anapotoa mada yake kwa dakika 15, msaidizi mmoja anashughulikia orodha. Anawaandikia wale wanne wapya ujumbe wa faragha wenye swali lilelile la fomu: ungeeleza kazi yako kwa lugha gani? Wawili wanajibu Kiingereza, mmoja Kiganda, mmoja Kiswahili. Sasa Kiganda ni 12, Kiingereza 11, Kiswahili 8, na Kiluo 2. Vyumba saba vinabaki vilivyo.

Pili, chumba cha Kiluo kimebaki na watu wawili, na kanuni ya kuwa na walau watatu imevunjika. Mratibu asiwahamishe kimyakimya. Awaulize. Huenda wawili hao wakapenda kubaki, maana kutafsiri aya tatu kunawezekana kwa watu wawili, na huenda hii ndiyo nafasi yao pekee ya kuifanya kazi hiyo kwa lugha yao wakiwa na mwenzao. Lakini wajue pia kuwa chumba cha akiba kimetengwa, kile cha majibu yao ya pili, na kwamba mmoja wao mtandao ukimpotea, mwingine ataitwa huko mara moja.

Tatu, maelekezo ya kazi yatumwe kabla ya vyumba kufunguliwa, tena kwa maandishi mafupi yanayobaki kwenye simu. Mara vyumba vikifunguliwa, mratibu anaweza kutuma tangazo linaloonekana katika vyumba vyote, ila ni mstari mfupi unaopita. Kila mtu aingie akijua mambo matatu: watafanya nini, wataandika wapi, na nani ataongoza. Chumba kisichojua haya hupoteza dakika saba za kwanza katika kuulizana. Nazo si dakika za bure: tangu Julai 2021 bando la intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, kodi iliyochukua nafasi ya ile ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Kwa sababu hiyohiyo, mwezeshaji mwenye busara huwaruhusu washiriki kuzima kamera na kubaki na sauti.

Utajuaje kuwa mgawanyo ulikosewa?

Mratibu anayepita chumba hadi chumba ataona mambo kabla hajaambiwa. Chumba ambacho mtu mmoja anazungumza na wengine wote wamezima vipaza sauti huenda kina tatizo la lugha. Chumba kilichomaliza kazi dakika kumi mapema na sasa kinazungumzia foleni ya Jinja Road kimepewa kazi iliyo chini ya ujuzi wake. Chumba ambacho watu wanaondoka na kurudi ukumbini kina mtu aliyepotea njia au asiyejiona kuwa wa hapo.

Kumhamisha mtu katikati ya kipindi kunawezekana, lakini aambiwe kwanza kwa ujumbe na akubali. Kuondolewa chumbani ghafla, mbele ya watu ambao ndiyo kwanza umewazoea, ni sawa na kuinuliwa kitini ukumbini bila maelezo.

Mwishoni wasomaji wa matini huwa viongozi wa vyumba, na hiyo ni sawa. Ila swali moja linabaki kwa kila mshiriki, nalo hujibiwa kwa mstari mmoja kwenye fomu ya kufunga: "Je, kuna jambo ulilotaka kulisema chumbani na hukulisema? Kwa nini?" Majibu ya swali hilo hayapendezi kusomwa. Mmoja ataandika kwamba muda ulikuwa mfupi, mwingine kwamba sauti ilikatika. Na akitokea hata mmoja anayeandika, "Sikupata maneno kwa Kiingereza," mratibu amekwisha kujua mahali pa kuanzia atakapopanga vyumba vya warsha ijayo.